Mistari Iliyokatwa

Katika hadithi fupi ninayoiandika, binti wa Garsen anaandika insha ya Kiingereza kuhusu mafuriko ya mwaka 2024. Mhadhiri anaipitisha kwenye programu ya kugundua maandishi ya mashine, programu inadai si kazi ya mtu, naye anapewa sifuri. Binti nimemtunga, lakini tuhuma kama hiyo imewapata wengi.

Programu hizo hazimjui mwandishi. Hupima jinsi maneno yanavyotabirika: kila neno likifuatwa na lile linalotarajiwa, na sentensi zikikaribiana urefu, lawama huiangukia mashine. Mtoto aliyeandaliwa kwa KCPE alifundishwa kuandika vivyo hivyo, viunganishi mahali pake na msamiati wa kukariri, yote ndani ya dakika 40. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu 7 kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Julai mwaka huohuo, OpenAI waliiondoa programu yao wenyewe ya ugunduzi kwa sababu haikuaminika vya kutosha.

Nimempa binti huyu kitu kimoja cha kumtetea: daftari la rasimu. Hapo ndipo ninapoupenda uandishi kuliko popote. Mwanzoni aliandika kwamba mvua kubwa ilinyesha Garsen na mto ukafurika. Sentensi safi, ya shuleni. Akaikata, maana siku ile kwao palikuwa pakavu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kwenye milima ya Kenya na Aberdare, na mabwawa ya juu, Masinga na wenzake, yalikuwa yamejaa. Akajaribu tena: mto ulileta mvua ya watu wengine. Akaikata hiyo pia, kwa kuwa ilijipamba. Mara ya tatu akaandika tu kwamba bibi yake alikuwa akianika mpunga juani maji yalipoingia uani. Hiyo akaiacha.

Kazi yenyewe ya mwandishi ni hiyo: kukataa sentensi nzuri kwa sababu si ya kweli, kisha kukataa nyingine kwa sababu inajionyesha. Nakala safi huficha ukataji huo wote, na programu husoma nakala safi peke yake.

Rasimu nazo zaweza kughushiwa. Kwa hiyo katika hadithi yangu mhadhiri mwingine anamkalisha binti, anaweka kidole kwenye mstari uliokatwa na kumwuliza, "Huu uliukatia nini?" Anajibu papo hapo, mpaka kwenye mkeka uliosombwa na mpunga wake.

Mwalimu unayesoma haya, kabla hujaandika sifuri, itisha daftari, kisha uliza swali hilo.