Kosa Moja au Makosa Sita? Uhakiki wa Viwango vya Kupimia Sarufi katika Insha za Sekondari, kwa Kuzingatia Wanafunzi wa Cibitoke, Bujumbura

Mwongozo wa kusahihisha insha unaofahamika zaidi katika ukanda wetu ni ule wa mtihani wa KCSE nchini Kenya. Insha moja hupewa alama 20, nazo hugawanywa katika viwango vinne: D (1–5), C (6–10), B (11–15) na A (16–20). Msahihishaji huisoma insha, huiweka katika kiwango kinachoifaa, kisha huamua alama ndani ya kiwango hicho. Utaratibu huu una sifa yake, kwani humlazimisha msomaji kuiona insha nzima kabla ya kuhesabu chochote. Hata hivyo, sarufi haina safu yake humo. Imechanganywa na mada, msamiati na mtindo, na inapotajwa hupimwa kwa maneno ya wingi: makosa mengi, makosa machache. Makala hii inauliza swali moja tu kuhusu maneno hayo. Je, kinachohesabiwa ni nini?

Swali hili lina uzito wa pekee Cibitoke. Ninakusudia mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, si eneo la kaskazini-magharibi mwa nchi lenye jina hilohilo. Mwanafunzi anayezungumza Kirundi nyumbani hajifunzi ngeli upya anapokuja kwenye Kiswahili, kwa sababu anazo tayari. Anachojifunza ni mahali ambapo ngeli za lugha hizi mbili zinaachana. Mahali pamoja panajulikana na kila mwalimu: Kirundi husema *inka zirarisha*, kitenzi kikifuata umbo la nomino, ilhali Kiswahili sanifu huwapeleka wanyama katika A-WA, *ng'ombe wanakula*, japo umbo la nomino ni la I-ZI.

Tuchukue vifungu viwili nilivyovitunga kwa kufuata makosa ya aina hiyo. Cha kwanza ni hiki:

*Jumamosi ng'ombe zetu zilipotea. Zilikuwa zimeingia katika shamba la jirani na zilikula mahindi yake. Baba alizitafuta mpaka jioni. Mtu alitupigia simu alisema ameziona karibu na mto Ntahangwa.*

Na cha pili:

*Ng'ombe zetu zilipotea. Walienda shambani. Ilikula mahindi ya jirani. Baba alitafuta. Watu walisema iko mtoni.*

Msahihishaji anayepiga mstari chini ya kila kosa atapata saba katika kifungu cha kwanza: viambishi sita vya ngeli (*zilipotea, zilikuwa, zimeingia, zilikula, alizitafuta, ameziona*) na urejeshi uliokosekana katika *mtu alitupigia*, ambapo tulitarajia *aliyetupigia*. Akiwa mkali kuliko sarufi yenyewe atapiga pia *ng'ombe zetu*, na hapo atakuwa amekosea yeye. Kiswahili sanifu hukubali *ng'ombe zetu walipotea*, sawa na *rafiki zangu walikuja*: kimilikishi hufuata umbo la nomino na kitenzi hufuata uhai. Katika kifungu cha pili atapata matatu tu: *zilipotea, ilikula, iko*. Hata tukigawa idadi ya makosa kwa idadi ya maneno, saba kwa 27 na matatu kwa 15, mwandishi wa pili bado anashinda.

Matokeo hayo ni kinyume cha ukweli. Mwandishi wa kwanza ana kosa moja la ngeli lililojitokeza mara sita. Aliamua mwanzoni kwamba ng'ombe ni wa I-ZI, kisha akaushika uamuzi huo katika sentensi nne, katika kiambishi cha mtendaji na cha mtendwa pia. Somo moja kuhusu wanyama na A-WA litayaondoa yote sita. Mwandishi wa pili ameipa nomino ileile *zi-*, *wa-* na *i-* katika maneno yasiyozidi 15. *Walienda* yake ni sahihi kwa bahati. Tena, hajakosea urejeshi kwa sababu hakuujaribu. Urejeshi wa Kirundi hubebwa kwa kiasi kikubwa na toni, ambayo haionekani katika maandishi, hivyo mwanafunzi anayethubutu kuandika sentensi ya aina hiyo kwa Kiswahili yuko hatarini, na anayeikwepa yuko salama. Mwongozo unaohesabu mistari humfundisha kukwepa.

Napendekeza basi ngazi nne za sarufi peke yake, zisizo na neno la wingi hata moja. Katika ngazi ya nne, upatanisho hufuata ngeli sahihi hata nomino ikiwa imetajwa sentensi mbili nyuma. Urejeshi na masharti yametumika, na kila kosa lililobaki ni la kuteleza, yaani umbo hilohilo limeandikwa sawa mahali pengine katika insha. Katika ngazi ya tatu, nomino za ngeli tofauti hupata viambishi tofauti na kila nomino hushikamana na viambishi vyake, ila kuna kanuni moja au mbili zisizo za Kiswahili sanifu. Sentensi changamano zimejaribiwa, na baadhi zimekosewa. Katika ngazi ya pili, nomino ileile hubadilishiwa viambishi bila sababu, na usahihi unapatikana katika sentensi sahili pekee. Katika ngazi ya kwanza, msomaji hawezi kujua nani alitenda na nani alitendwa bila kukisia. Kifungu chetu cha kwanza kinaingia ngazi ya tatu, cha pili ngazi ya pili.

Sharti la nomino za ngeli tofauti kupata viambishi tofauti sikuliweka kwa mapambo. Bujumbura iko karibu na mpaka wa Kongo, na katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo husikika *kitabu yangu, mtoto yangu, nyumba yangu*. Hapo uthabiti upo kamili, lakini nomino haichagui kitu. Bila sharti hilo, mwanafunzi anayeandika hivyo katika insha ya shule angepanda hadi ngazi ya tatu kwa kurudia *yangu* tu. Sidharau lahaja hiyo, nayo ina kanuni zake. Nasema tu kwamba insha ya shule hupima Kiswahili sanifu, na mwongozo usijifanye haujui hilo.

Kazi ya msahihishaji hubadilika. Asome mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili achague nomino tatu zinazojirudia, mojawapo ikiwa ya mnyama, na moja ya KI-VI au U, kisha aandike pembeni kila kiambishi kilichopewa nomino hizo. Orodha ya *zi, zi, zi, zi* na orodha ya *zi, wa, i, i* hutofautiana kwa jicho tu, na wasahihishaji wawili wasiokubaliana wana kitu cha kuelekezea kidole. Kwa uzoefu wangu, mabishano hubaki zaidi kati ya ngazi ya tatu na ya nne, pale inapobidi kuamua kama kosa lililotokea mara moja ni la kuteleza au la kutojua. Insha ikiwa fupi, hakuna mahali pengine pa kulinganisha, na mwongozo huu hauna jibu. Hapo afadhali mwanafunzi apewe ngazi ya juu na alama ya kuuliza pembeni, ili mwalimu ampime tena kwa sentensi chache.

Udhaifu mwingine unaanzia kwenye swali la mtihani. Mada kama faida za elimu inaweza kujibiwa kwa kurasa mbili bila mnyama hata mmoja na bila sentensi yenye urejeshi. Insha ya namna hiyo haiwezi kutenganisha ngazi ya tatu na ya nne, hata isahihishwe na nani. Anayetunga swali anapaswa kuweka ndani yake mifugo, watu kadhaa na tukio lililopita, kabla ya yeyote kugusa kalamu nyekundu.