Bei Tatu za Hatifungani Moja

Novemba 1984 Hazina ya Marekani iliuza hatifungani ya miaka 30 yenye riba ya asilimia 11.75, na ikajiwekea haki ya kuilipa mapema, kwa thamani yake kamili, katika miaka mitano ya mwisho. Haki hiyo ilipofunguka Novemba 2009, serikali iliweza kukopa kwa miaka 10 kwa chini ya asilimia 4. Ikailipa mara moja. Je, mtu aliyeishika hatifungani hiyo mwaka mmoja kabla, alishika karatasi ya mwaka mmoja au ya miaka sita? Swali hilo ndilo linaloiangusha dyuresheni ya kawaida, yaani kile kipimo kinachotueleza bei itashuka kwa asilimia ngapi riba ikipanda kwa pointi moja ya asilimia. Kipimo alichokibuni Frederick Macaulay mwaka 1938 kinahitaji tarehe za malipo zijulikane. Hapa hazijulikani, kwa kuwa riba yenyewe ndiyo inayoamua kama malipo yatafika mapema. Dawa iliyozoeleka ni dyuresheni fanisi: pandisha mkondo wa riba kidogo, ushushe kidogo, pima bei mara tatu, kisha ugawanye. Hoja yangu ni kwamba namba inayotoka humo haiko ndani ya hatifungani kama kuponi ilivyo. Ni jibu la swali, na swali likibadilika kidogo, jibu nalo hubadilika.

Tuchukue mfano mdogo ambao msomaji anaweza kuuhakiki kwa kikokotoo. Hatifungani ya miaka miwili ina thamani ya 100 na kuponi ya 6 kila mwaka, na mtoaji anaweza kuilipa kwa 100 mwisho wa mwaka wa kwanza, akishatoa kuponi. Mkondo wa riba umelala sawa kwenye asilimia 6. Bila ile haki, bei ingekuwa 100 kamili. Ili kuithamini haki tunahitaji mti wa riba: mwaka ujao riba ya mwaka mmoja itakuwa juu au chini, kwa uwezekano sawa. Tukikadiria kwamba riba huyumba kwa asilimia 20 kwa mwaka, na tukiulazimisha mti urudishe bei sahihi za hatifungani zisizo na haki yoyote, tawi la juu linakuwa asilimia 7.20 na la chini 4.83. Njia hii ndiyo ambayo Kalotay, Williams na Fabozzi waliieleza mwaka 1993. Kwenye tawi la juu, 106 za mwaka wa pili zina thamani ya 98.88, na mtoaji hana sababu ya kulipa 100. Kwenye tawi la chini zina thamani ya 101.12, hivyo analipa 100 na kuiacha hiyo 1.12 mkononi mwake. Wastani wa 98.88 na 100, ukiongezwa kuponi ya 6 na kugawanywa kwa 1.06, ni 99.47. Kama soko lingeiuza kwa bei ya chini zaidi, tungetafuta nyongeza ya riba inayoupatanisha mti na soko, na nyongeza hiyo ingebaki ileile katika hatua zote zinazofuata.

Sasa tunahamisha mkondo mzima. Ukipanda hadi asilimia 6.25, mti unajengwa upya na bei inakuwa 99.11, ukishuka hadi 5.75, mti unajengwa upya tena na bei inakuwa 99.84. Kanuni ni hii, P₋ ikiwa bei baada ya riba kushuka, P₊ baada ya kupanda, na Δ ukubwa wa mhamo:

```
D = (P₋ − P₊) / (2 × P₀ × Δ)
```

Jibu ni 1.47. Hatifungani kama hiyo isiyo na haki ya kulipwa mapema ina 1.83, na ile ambayo hakika italipwa baada ya mwaka mmoja ina 0.94. Yetu imesimama kati yao, na ndivyo inavyopaswa. Anayehamisha mavuno ya hatifungani yenyewe badala ya mkondo atapata takriban 1.83 na kudhani amepima kitu, kumbe kwenye hesabu yake mtoaji hajapewa nafasi ya kuamua lolote. Kosa hilo lina gharama. Mwenye hatifungani hizi zenye thamani ya kuandikwa ya shilingi milioni 100, akijikinga kwa kuuza hatifungani za kawaida za thamani ileile ya soko, atakuwa ameuza kwa karibu robo zaidi ya inavyotakiwa. Riba ikishuka hadi 5.75, atapata 366,600 upande mmoja na kupoteza takriban 457,500 upande wa pili.

Kuna pingamizi kwamba hesabu hii, ikishafanywa kwa uangalifu, haiachi nafasi ya hoja yangu: kanuni ni moja, jibu ni moja. Ijaribuni kwa dhana nyingine ya kuyumba kwa riba. Mti wetu ulishikilia asilimia 20 ya riba yenyewe, kwa hiyo riba ikipanda, matawi yanaachana zaidi. Mchambuzi mwingine anaweza kushikilia pengo lilelile kati ya matawi, pointi 2.37 za asilimia, riba ikiwa popote. Bei ya leo haibadiliki hata senti moja: ni 99.47 kwa wote wawili. Lakini dyuresheni yake ni 1.38. Wawili hawa hawajakosea hesabu, wala soko haliwezi kuwaamua kwa bei ya leo pekee. Mtu akitaja 1.47 bila kusema alishikilia nini wakati wa kuhamisha mkondo, ametaja nusu ya jibu.

Ukubwa wa mhamo nao ni uamuzi. Kwa robo pointi, hakuna tawi lililovuka mpaka wa asilimia 6 unaomfanya mtoaji abadili nia, na bei zetu tatu zimekaa karibu kwenye mstari ulionyooka, kana kwamba haki ile haina kona. Hamisheni kwa pointi moja na nusu. Riba ikiwa 4.5, mtoaji analipa mapema kwenye matawi yote mawili na bei inakomea 101.44, ikiwa 7.5, halipi popote na bei inaanguka hadi 97.31. Dyuresheni inakuwa 1.38, lakini jambo la kutazama ni pande zake: kushuka kwa riba kunatoa 1.32, kupanda kunatoa 1.45. Mwekezaji anapoteza haraka kuliko anavyopata. Na hapa ndipo anayesahau kuuliza upya uamuzi wa mtoaji kwenye kila tawi anapoumbuka: kwa robo pointi hakosei kitu, ila riba ikifika 4.5 atapata bei ya 101.71, faida ya senti 27 ambayo mtoaji hatampa kamwe.

Ni kweli kwamba mti wenye matawi mamia, unaotumika kazini, hulainisha kona hizi, na kwamba mkondo wa riba ni nadra kuhama wote kwa kipimo kimoja. La kwanza hupunguza ukali wa mruko bila kuufuta upogo wa pande mbili; la pili hutibiwa kwa kuhamisha kipande kimoja cha mkondo kwa wakati, kwa kanuni ileile. Kwa hiyo ripoti ya hatifungani yenye haki ya kulipwa mapema inayoonyesha dyuresheni fanisi bila kutaja ukubwa wa mhamo, dhana ya kuyumba kwa riba na namba za pande zote mbili, irudishwe kwa aliyeiandika.