Ufundi wa Kuandika Notisi kwa Mkandarasi Anayechelewa

Katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Rungwe mkoani Mbeya hadi Mufindi mkoani Iringa, mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo barabara ya udongo isiyokamilika kabla ya msimu huo huwa hatarini kuharibika, na Septemba ndiyo mwezi ambao ujumbe wa simu kati ya wasimamizi wa mradi hugeuka kuwa mkali. Kuufanya ukali huo kuwa notisi ya kimkataba ni ufundi unaostahili sifa.

Chukuliwe mfano wa barabara ya kilomita 12 inayopaswa kukamilika tarehe 31 Oktoba. Msimamizi mmoja anaandika: “Huyu mkandarasi anatuchezea, greda limelala wiki mbili!” Mwandishi stadi huliacha neno la kuchezewa, kwa kuwa nia ya mtu haithibitishiki, ila hulishika greda na kuandika: “Kwa mujibu wa daftari la kila siku la eneo la ujenzi, greda halikufanya kazi kuanzia tarehe 18 hadi 31 Agosti, na hadi tarehe hiyo kilomita 3 za tuta zimekamilika, ilhali mpango kazi uliokubaliwa ulitaka kilomita 8.”

Kisha hutafuta kifungu. Pale mkataba unapofuata Kitabu Chekundu cha FIDIC, yaani masharti ya Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, toleo la 1999, kifungu cha 8.6 humruhusu mhandisi kudai mpango kazi mpya unaoeleza jinsi kasi itakavyoongezwa, iwapo ucheleweshaji hautokani na sababu zinazompa mkandarasi haki ya nyongeza ya muda. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, hukaguliwa kama mwajiri mwenyewe amechelewa kukabidhi eneo au kutoa michoro, maana kosa la mwajiri linaweza kuiporomosha hoja yote.

Mtego mkubwa zaidi umo katika ujumbe wa upole unaofuata hasira: “Basi malizeni hata Desemba, ilimradi magari yapite.” Mkandarasi anaweza kudai kwamba maneno hayo yalimwongezea muda, na hivyo kuitia shakani fidia ya ucheleweshaji, yaani kiasi kilichokubaliwa kukatwa kwa kila siku inayopita tarehe ya kukamilisha. Ndiyo maana notisi nzuri hutamka wazi kwamba haibadilishi tarehe hiyo wala haiondoi haki yoyote ya mwajiri, hutaja siku ya mwisho ya kujibu, na hupelekwa kwa anuani na njia iliyoandikwa mkatabani.

Notisi ya namna hiyo hailiamshi greda kwa nguvu zake, lakini humlazimu mkandarasi kujibu tarehe, kilomita na kifungu, na mgogoro ukifika kwa msuluhishi, hivyo ndivyo vitakavyopimwa.