Tamko na Vita: Uhakiki wa Maelezo ya Chanzo cha Vita vya Uvira, 1996

Katika maelezo mengi ya vita vilivyoanza mwaka 1996 nchini Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, chanzo hutajwa kwa ufupi mno. Tarehe 8 Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini, Lwabanji Lwasi Ngabo, aliwataka Banyamulenge waondoke nchini katika siku chache, wakaasi, na ilipofika tarehe 25 Oktoba mji wa Uvira ulikuwa umetekwa. Masimulizi haya yanaeleweka kwa urahisi. Lakini kufuatana kwa matukio si hoja ya usababishi, na hapa hata huko kufuatana kwenyewe kuna mashaka.

Njia inayofaa kuyapima ni ile iitwayo ufuatiliaji wa mchakato. Njia hii hailinganishi Uvira na miji mingine. Hulichukua tukio moja, hulichambua dai katika hatua zake, kisha huuliza kila hatua ingepaswa kuacha alama gani. Stephen Van Evera, katika mwongozo wake wa mwaka 1997, alionyesha kwamba ushahidi hauna uzito sawa. Upo ambao dai likiukosa huanguka, ingawa likiupata halijathibitika. Upo pia ambao ukipatikana hulitia dai nguvu kubwa, ingawa ukikosekana dai haliangamii. Huu wa pili aliufananisha na bunduki iliyokutwa mkononi mwa mtu ingali ikitoa moshi.

Sharti la kwanza la dai la tamko ni la wakati: maasi yafuate, yasitangulie. Hapo ndipo dai linapokwama. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inaonyesha kwamba watu wenye silaha walikuwa wakipenya kutokea Rwanda kwa kupitia Burundi wiki kadhaa kabla ya tamko. Hospitali ya Lemera, katika milima ya juu ya bonde la Ruzizi, ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba, siku mbili kabla naibu gavana hajasema neno. Hata hati ya kuundwa kwa AFDL, yenye tarehe 18 Oktoba na jina la Lemera, inafuata mapigano ambayo chama hicho kilidaiwa kuyaanzisha.

Je, basi dai la upande wa pili, kwamba vita vilipangwa Kigali, limethibitika? Ushahidi wake mkubwa ni mahojiano ya Paul Kagame, aliyekuwa Makamu wa Rais na Waziri wa Ulinzi, yaliyochapishwa na gazeti la Washington Post tarehe 9 Julai 1997. Humo alikiri kwamba Rwanda ilipanga vita na kwamba maofisa wake waliviongoza. Mhakiki hana budi kuuliza: msemaji angesema hivyo kama isingekuwa kweli? Alikwisha kushinda, na mshindi hupenda kujitwalia sifa. Kwa upande mwingine, serikali yake ilikuwa imekana kwa miezi mingi, na ungamo linalopingana na kauli za awali za msemaji lina uzito kuliko majigambo matupu. Likiunganishwa na tarehe za upenyaji, dai hili linasimama imara.

Hata hivyo, kuwapo kwa mpango hakueleza kwa nini vijana wa Kibanyamulenge walikuwa tayari kuutumikia. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire lilipitisha azimio lililowahesabu watu wa asili ya Rwanda na Burundi kuwa wageni. Ni rahisi kusema azimio hilo ndilo lililowasukuma vitani. Lakini baadhi yao walijiunga na jeshi la RPF mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa hao azimio la 1995 haliwezi kuwa sababu. Sheria ya uraia ya 1981, iliyofuta uraia waliopewa kwa jumla mwaka 1972, ingeweza kuwa. Kwa hiyo dai moja linagawanyika mara mbili, na kila kundi linahitaji ushahidi wake: nani alijiunga, na lini.

Ugumu uko katika mashahidi. Tamko lilisemwa hadharani. Upenyaji ulifanywa kwa siri. Anayeulizwa leo, «Kwa nini vita vilitokea?» hujibu kwa kile alichokisikia. Afadhali aulizwe aliwaona wapi wageni wenye silaha kwa mara ya kwanza, na kama shule zilikuwa zimefunguliwa siku hiyo. Jibu la swali hilo huweza kupangwa kwenye kalenda, na kupingwa.

Tamko la Oktoba halifutiki kwa uchambuzi huu. Liliwaweka raia katika hatari, na huenda liliwasukuma vitani waliokuwa wakisitasita. Ila halikuviwasha vita. Tofauti hiyo ina uzito kando ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa swali la nani alianza lingali likitumiwa kuamua nani ni mwananchi.