Tangazo la viti 24

Matangazo ya "oda toka China" yamejaa kwenye simu za watu wa Dar es Salaam, na mengi yanafanana. Picha ya kiwandani, bei, kisha maneno "mzigo unaingia siku 45 hadi 60, advansi nusu, advansi hairudishwi". Siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini? Pesa ikilipwa, oda ikifungwa, au meli ikitia nanga? Hakuna anayejua, na muuzaji naye hana haraka ya kusema.

Kuna mama mmoja mwenye duka Kariakoo, muuza vifaa vya saluni, ambaye matangazo yake nayasoma kama mtu anavyomtazama fundi seremala anayeunga mbao bila misumari. La mwaka huu lilihusu viti vya kunyolea, vile vya haidroliki vinavyopanda kwa kukanyaga pedeli, kutoka Foshan, mji wa samani jirani na Guangzhou. Nalinukuu sehemu yake kubwa, kwa ruhusa yake:

"Viti vyeusi, 24 tu. Bei 450,000, haipandi. Kianzio 180,000. Salio 270,000 unalipa dukani ukishakikalia kiti na kukipandisha. Oda inafungwa Jumanne tarehe 10 Machi 2026 saa 12 jioni. Kiti unakichukua dukani si zaidi ya Jumamosi tarehe 6 Juni 2026.

Alhamisi tarehe 2 Aprili kiwanda kinatakiwa kiwe kimekabidhi mzigo kwa wakala wangu Guangzhou. Kisipokabidhi, kesho yake nakutumia ujumbe wenye tarehe mpya, moja tu. Unachagua kusubiri au kurudishiwa 180,000 yako yote ndani ya siku 3, makato juu yangu. Usiponijibu hadi tarehe 7 Aprili, narudisha. Tarehe mpya nayo ikipita, sikuulizi tena, narudisha."

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo kazi kubwa ilipofanyika. Ile 6 Juni haikutoka hewani. Kiwanda kiliomba siku 20. Kupeleka mzigo ghala la wakala, siku 3. Mfanyabiashara mdogo hajazi kontena peke yake. Mzigo wake unachanganywa na wa wenzake na kulipiwa kwa ujazo, kwa hiyo lazima asubiri kontena lijae. Hapo aliweka siku 10. Safari ya bahari hadi Dar es Salaam alihesabu siku 30, bandari na forodha siku 12. Jumla ni 75, na ukizihesabu kuanzia 10 Machi unaangukia 24 Mei, siku ya Jumapili. Siku chache baadaye ni Idi ya kuchinja, na ofisi zinafungwa. Akasogeza hadi Jumamosi ya 6 Juni, yaani akajipa karibu wiki 2 za pumzi. Wiki hizo mteja hazioni. Hakuandika "24 Mei au baadaye kidogo", maana mteja huisikia tarehe ya kwanza tu, na lile "baadaye kidogo" linabaki la muuzaji.

Hata kufunga oda tarehe 10 Machi kulikuwa na hesabu yake. Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia 17 Februari. Viwanda hufungwa kabla ya sikukuu hiyo, wafanyakazi hurudi mikoani kwao, na wengine huchelewa kurudi au hawarudi kabisa. Ukitoa oda mwishoni mwa Januari, unaweza kuambiwa siku 20 na zikawa 50. Ukiitoa wiki 3 baada ya sikukuu, walau unajua fundi wa kuunga viti yupo kazini.

Lakini linalonivutia zaidi ni tarehe ya katikati, ile ya 2 Aprili. Wauzaji wengi huificha, au hawaijui kabisa. Mteja wa saluni anakitaka kiti Juni. Mambo ya ghala la Guangzhou yanamhusu nini? Yanamhusu sana, kwa sababu kiwanda kikichelewa, kinachelewa huko, miezi 2 kabla ya mteja kuanza kupiga simu. Tangazo lenye tarehe ya mwisho pekee linamwacha muuzaji akae na habari mbaya kuanzia Aprili hadi Juni, akiomba Mungu meli ifidie. Meli haifidii. Tangazo hili linaitoa habari mapema, wakati mwenye saluni bado anaweza kutafuta kiti kwingine kabla hajaanza kulipa kodi ya fremu.

Tena angalia kilichoandikwa: "kiwe kimekabidhi mzigo kwa wakala". Hakuandika "kiwe kimemaliza". Kiwanda chochote kitakwambia kimemaliza na kukutumia picha ya viti vilivyopangwa vizuri, ambavyo huenda ni vya mteja wa Lagos. Wakala akipokea mzigo hutoa risiti yenye idadi ya maboksi, uzito, ujazo na ile alama ya mzigo inayoandikwa kwenye kila boksi ili lisipotee katikati ya maboksi ya wenzako. Risiti ipo au haipo. Ahadi yoyote unayotaka kuiandika, ifunge kwenye kitu cha namna hiyo.

Sasa kianzio. Wengi huandika nusu kwa sababu nusu inasikika vizuri. Yeye aliandika 180,000 kwa sababu anajua inakwenda wapi. Viwanda vingi vya China huomba asilimia 30 ili kuanza kazi na 70 kabla mzigo haujatoka kiwandani. Kiti kinamgharimu kama 250,000 huko kiwandani, hivyo cha kuanzia ni 75,000. Inayobaki katika kianzio cha mteja, 105,000, haigusi hadi viti viwe tayari na picha za maboksi yenye alama yake zimefika. Hapo anaongeza 70,000 ya mfukoni mwake kwa kila kiti na kumalizia malipo. Kwa viti 24 ni 1,680,000 kutoka kwake, bila nauli ya meli na ushuru. Ndiyo maana ya "24 tu". Nilidhani ni ile mbinu ya kumtia mnunuzi presha. Kumbe ndicho kiasi ambacho mfuko wake unaweza kubeba bila kukopa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayofanya ahadi ya kurudisha iwe ya kweli. Kiwanda kikichelewa na wateja wote 24 wakidai, zinatakiwa 4,320,000. Ndani ya akaunti zipo 2,520,000 ambazo hazijaguswa, na 1,800,000 zilizoko kwa mwenye kiwanda inabidi azitoe kwake. Zinauma, lakini zipo. Aliyekwisha kuzila advansi za watu kwa kodi ya duka hana budi kuandika "hairudishwi", hata kama moyo wake ni mzuri.

Mteja anayebadili mawazo mwenyewe ana kifungu chake, kifupi. Kabla ya oda kufungwa, anarudishiwa yote. Baada ya hapo anakatwa 75,000, na tangazo linamwambia kwa nini: ndiyo iliyokwisha kutumwa. Viti vikishatoka kiwandani, kianzio kinarudi kiti kikipata mnunuzi mwingine. Sijaona watu wakigombana na makato ambayo wameonyeshwa yanakokwenda.

Na kile kifungu cha kunyamaza. Mteja asipojibu ujumbe, inakuwaje? Marekani wana kanuni ya mauzo ya oda, iliyotungwa 1975, inayomtaka muuzaji awe na msingi wa maana kabla ya kutaja muda wa kutuma bidhaa, na akichelewa amuulize mnunuzi. Ucheleweshaji wa kwanza ukiwa wa siku 30 au chini, ukimya wa mnunuzi huhesabiwa kuwa amekubali kusubiri. Ukizidi hapo, ukimya ni kuvunja oda na pesa hurudi. Mama wa Kariakoo amekuwa mkali kuliko hao. Kwake ukimya wowote ni kurudisha. Nilipomuuliza, alicheka: "Mteja asiyejibu ujumbe Aprili, mwanangu, Juni ndiye anayekuja na ndugu zake dukani."

Kwetu, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaliacha suala la kama muda ni sharti la msingi litegemee masharti ya mkataba wenyewe. Kwa maneno mengine, mnunuzi akienda kulalamika, ataulizwa mliandikiana nini. "Siku 45 hadi 60" haimsaidii mtu hapo, hata muuzaji.

Mwaka huu tangazo lilijaribiwa. Pampu za viti zilichelewa kufika kiwandani, na mwenye kiwanda akaomba hadi 16 Aprili. Ijumaa Kuu, tarehe 3, watu wakiwa kanisani, ujumbe ulitoka: "Kiwanda hakijakabidhi, pampu zimechelewa. Tarehe mpya ya kuchukua kiti ni Jumamosi 20 Juni. Jibu SUBIRI au RUDISHA, mwisho tarehe 7." Siku 14 za kuchelewa, tarehe imesogea siku 14. Angeweza kuzila zile wiki 2 za pumzi, akanyamaza na kuomba isitokee lingine. Hakuzigusa, maana bandari nayo ilikuwa bado mbele. Pole zilikuja mwishoni, sentensi moja, baada ya tarehe na chaguo. Mtu aliyewekeza pesa anatafuta namba kwanza.

Waliotaka pesa walirudishiwa, pamoja na gharama ya kutolea kwa wakala wa simu, ili mkononi ifike 180,000 kamili na si pungufu ya elfu kadhaa. Viti vyao havikumtisha. Viti vyeusi vya kawaida vinauzika dukani siku yoyote, na ndiyo sababu tangazo halikutoa nafasi ya kuchagua rangi. Mwenye saluni mmoja aliyetaka vya waridi, vyenye jina la saluni yake nyuma, aliandikiwa masharti mengine kabisa: kianzio 300,000, na baada ya kiwanda kuanza kukata ngozi, hakuna kurudi isipokuwa kiwanda chenyewe kimeshindwa. Kiti cha waridi chenye jina la mtu angemuuzia nani?