Glasi ya Maji Si Kipimo cha Lishe

Shindano la uji pale Mugumu liliharibika meza ya majaji ilipoagiza glasi tatu za maji. Mliokuwepo mliona. Kabla ya hapo kazi ilikwenda vizuri: moto ulidhibitiwa, na vikundi vya Tarime na Serengeti vilikoroga uji usio na madonge. Kisha jaji mkuu akatia kijiko cha sukari nyeupe kwenye glasi ya kwanza, cha sukari ya brauni kwenye ya pili, na kipande cha sukari guru kwenye ya tatu. Ya kwanza ikabaki angavu. Ya pili ikachukua unjano hafifu. Ya tatu ikawa kahawia, na tope likatulia chini. Hapo akatangaza kwamba rangi ndiyo lishe, na kwamba ile isiyotoa rangi ni sumu tupu.

Kwa maneno hayo, kikundi cha Tarime kilichopika uji wa wimbi uliochachushwa, wenye karanga na unga wa dagaa, kilikatwa alama za lishe kwa sababu kilikoleza kwa sukari nyeupe. Zawadi ikaenda kwa uji wa sembe uliotiwa sukari guru. Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na ubaya wake ulianzia kwenye kipimo chenyewe, kabla hata alama hazijaandikwa.

Tuangalie glasi ile iliona nini. Juisi ya miwa huwekwa chokaa, ikachemshwa, uchafu ukatolewa, kisha ikapikwa hadi fuwele zianze kujijenga ndani ya uji mzito mweusi. Kiwandani uji huo huingizwa kwenye pipa lenye matundu linalozunguka kwa kasi. Molasi hurushwa nje, fuwele zikabaki. Zikioshwa kidogo tu, utando mwembamba wa molasi hubaki juu ya kila chembe, nayo ndiyo sukari ya brauni tunayoinunua kutoka Kilombero, Kagera au TPC. Sukari ghafi inayosubiri kusafishwa ni ndugu yake wa karibu, yenye utando mzito zaidi. Nyeupe iliyosafishwa imeyeyushwa upya, ikachujwa rangi, ikagandishwa tena. Sukari guru haijapita kwenye pipa hata kidogo: juisi hukaushwa katika sufuria la wazi hadi karibu nyuzi 118 za Selsiasi, ikamwagwa kwenye kalibu pamoja na molasi yake yote.

Kwa hiyo sehemu ya rangi hutoka kweli kwenye molasi, ambamo madini hubaki. Lakini rangi ina vyanzo vingine. Sukari guru iliyoachwa motoni kupita kiasi huwa nyeusi kwa sababu sukari yenyewe imeungua, wala haikupata hata chembe ya madini ya ziada. Ipo pia sukari nyeupe iliyorudishiwa molasi au kupakwa rangi ili ionekane ya brauni. Glasi huchanganya vyote hivyo na kuvipa alama moja. Jaji aliyesoma kiza cha maji hakujua kama anasoma molasi, moto au rangi ya kopo.

Sukari husomwa ikiwa kavu. Imwage juu ya karatasi nyeupe penye mwanga wa jua, uwe na lenzi ya kawaida. Nyeupe iliyosafishwa ina chembe ndogo, sawasawa, zenye kingo kali na zinazopitisha mwanga. Rundo huonekana jeupe kwa sababu mwanga hutawanyika kati ya chembe. Brauni ya kiwandani kwetu mara nyingi ina chembe kubwa zaidi, rangi ya majani makavu, zinazonata kidogo kidoleni. Sukari guru haina chembe za kuhesabu. Ivunje: ndani utaona mkate wa punje laini zilizoshikana, pengine na nyuzi za miwa.

Ukiishuku brauni kwamba imepakwa, kuna njia ambayo wakemia wa viwanda vya sukari wameitumia miaka mingi na inayowezekana jikoni. Yeyusha sukari nyeupe katika maji, karibu vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji, uache ipoe huku ukiongeza hadi nyingine ibaki chini bila kuyeyuka. Shira hiyo imeshiba. Haiwezi tena kula fuwele, lakini huosha utando wa juu. Tia brauni ndani yake, koroga taratibu dakika mbili, chuja kwa kitambaa safi na ukamue. Chembe zikitoka nyeupe kabisa, rangi yote ilikuwa nje, na una haki ya kuuliza ilitoka wapi. Zikibaki na unjano ndani, rangi ilifungwa humo fuwele ilipokuwa inakua. Maji matupu ya glasi ya Mugumu hayawezi kukuambia hilo, kwa kuwa huyeyusha utando na fuwele pamoja.

Ugonjwa huu wa kuhukumu sukari kwa jicho nimeupigia kelele tangu Juni 2018, serikali ya Kenya ilipotangaza kwamba sukari ya magendo iliyokamatwa ina zebaki. Ng'ambo na huku kwetu Sirari watu wakaanza kukataa mifuko kwa rangi yake. Zebaki iliyomo kwenye sukari haionekani kwa macho. Hupimwa maabara, iwe sukari ni nyeupe au nyeusi.

Sasa tupige hesabu ya sufuria, kama walivyofanya mabibi maendeleo wa zamani, ambao waliuliza kwanza unga ni wa nini ndipo wakauliza umekolezwa kwa nini. Chukua lita 5 za uji, vikombe 20, zilizotiwa gramu 200 za sukari. Ikiwa nyeupe, ina takribani kilokalori 774. Ikiwa brauni, 760. Brauni hiyo huleta karibu miligramu 166 za kalisi na 1.4 za chuma kwa sufuria nzima, yaani miligramu 0.07 za chuma kwa kikombe. Nyeupe haileti karibu chochote. Tofauti ipo, ila hakuna mtoto atakayeongezewa damu nayo.

Sukari guru ina haki yake, nami siipokonyi. Mara nyingi hutajwa kuwa na hadi miligramu 11 za chuma kwa gramu 100, ingawa kiasi hicho hupanda na kushuka sana kwa udongo na kwa sufuria la chuma lililotumika. Tukiipa yote hiyo, sufuria yetu inapata miligramu 22. Lakini gramu 500 za unga wa wimbi wa kikundi cha Tarime zina karibu miligramu 20 za chuma na 1,700 za kalisi, kabla hujagusa karanga wala dagaa, na uchachushaji hupunguza vizuizi vya nafaka vinavyozuia mwili kuyachukua madini hayo. Sembe iliyokobolewa imeacha sehemu kubwa ya madini yake kwenye pumba.

Kikundi cha Tarime kilistahili zawadi. Shindano lijalo meza ipime gramu za sukari katika kila sufuria, na atakayetia nyingi akatwe alama, ya rangi yoyote iwayo. Alama za lishe zitolewe kwa unga na kwa kilichochanganywa nao.