Sekunde 30 zisizo na sauti

Nataka leo tuichambue filamu fupi. Haikuingia sinema wala haina muziki, na mwigizaji wake mkuu haonekani uso, kwa sababu kamera ameivaa yeye mwenyewe kifuani. Ni video ya askari polisi wa Baltimore, Marekani, iliyorekodiwa Januari 2017 na kutolewa hadharani Julai mwaka huohuo na ofisi ya mawakili wa utetezi wa umma.

Hebu ifuate mwanzo hadi mwisho. Inaanza kimya kabisa. Tuko kwenye kichochoro chenye uchafu na takataka, na askari wenzake wawili wapo karibu. Mkono wa mvaa kamera unaonekana ukiweka kopo chini, katikati ya takataka. Ndani ya kopo kuna mfuko wa plastiki. Kisha anageuka, wanatoka wote watatu hadi barabarani. Hapo ghafla sauti inaingia. Unamsikia akisema anakwenda kuangalia huku, na kicheko cha mtu pembeni. Anarudi kichochoroni, anapekua kidogo hapa na pale, halafu, kumbe! Kopo hili hapa. Anatoa mfuko, na ndani yake mna vidonge vyeupe vya dawa za kulevya.

Ukiondoa zile sekunde za kimya, hii ni video safi ya upekuzi. Askari kaingia, katafuta, kapata. Na kwa video hiyo kulikuwa na mtu aliyekaa rumande miezi kadhaa.

Swali la kisayansi ni hili: kwa nini kamera ilirekodi kitu ambacho mwenye kamera hakutaka kirekodiwe? Jibu liko kwenye namna kamera hizi zinavyofanya kazi. Ukiiwasha, kamera ya mwilini hailali ikisubiri kitufe. Inapiga picha muda wote na kuziweka kwenye kumbukumbu ndogo ya mzunguko: sekunde mpya inaingia, ya zamani kabisa inafutwa. Askari akibonyeza kitufe cha kurekodi, kamera haianzii pale alipobonyeza. Inachukua kilichomo kwenye mzunguko na kukibandika mwanzoni mwa faili. Kwa kamera za aina ile, mpangilio wa kawaida ulikuwa sekunde 30, picha bila sauti. Sauti huachwa nje ili mazungumzo ya faragha ya askari yasinaswe bila wao kujua.

Kwa hiyo mpaka kati ya kimya na sauti ndio alama ya kidole kubonyeza kitufe. Askari yule alidhani filamu yake inaanzia barabarani. Kamera ilikuwa imeanzia sekunde 30 nyuma, kichochoroni. Wakili aliyeitazama hakuhitaji maabara, alihitaji kujua tu kimya kile maana yake nini.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tukisikia "ushahidi wa video unapingwa", akili inakimbilia video ya kughushi: sura imebadilishwa, kipande kimekatwa. Katika kesi hii hakuna aliyedai hivyo. Faili lilikuwa halisi, kamera ilikuwa nzima, na pande zote mbili zilikubali kwamba kilichoonekana kilitokea. Utetezi wa askari ulikuwa kwamba dawa alizipata kweli mapema, kamera ikiwa hairekodi, kisha akarudia tukio ili liwepo kwenye kumbukumbu. Yaani walichobishania ni maana ya picha: upekuzi, au igizo la upekuzi? Mahakama ilimtia hatiani Novemba 2018 kwa kutengeneza ushahidi wa uongo na kukiuka maadili ya kazi yake. Hakwenda jela, kifungo kilisitishwa, akawekwa chini ya uangalizi. Yule mtu wa rumande alikuwa ameshafutiwa mashtaka zamani.

Hapa ndipo nina ugomvi wangu na namna tunavyofundishwa kuthibitisha video. Chukua zana tunayoipenda sana sisi watu wa kompyuta:

```
sha256sum video.mp4
```

Amri hii inasoma faili lote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Badilisha hata nukta moja ya picha, mfuatano unatoka mwingine kabisa. Ni zana nzuri, sibezi. Ukichukua alama hiyo siku faili lilipotolewa kwenye kamera, na mahakamani ikatoka ileile, basi hakuna aliyeligusa katikati. Lakini jaribu kuifanyia kazi video ya Baltimore. Inafaulu! Zana hii inalinda faili tangu pale alama ilipochukuliwa. Igizo lilifanyika mbele ya lenzi, kabla ya faili kuwepo.

Sheria zetu nazo zimeelekea upande huohuo. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kifaa na namna rekodi ilivyotolewa, kikiwa na saini ya mhusika. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama iangalie kama njia ya kutengeneza, kuhifadhi na kusafirisha data ni ya kuaminika, nani aliyeianzisha, na jambo jingine lolote linalohusika. Mtunza mitambo angeweza kusaini cheti cha video ile ya Baltimore kwa moyo mweupe, bila kusema uongo hata kidogo. Mlango pekee kwa wakili ni yale maneno ya mwisho, "jambo jingine lolote", na ataupita tu kama anajua cha kuuliza.

Cha kuuliza ni kipi? Kwanza, faili limeanza lini na nani aliamua lianze hapo. Kamera za mwilini hutunza daftari la ndani: saa ya kuwashwa, saa ya kubonyezwa, saa ya kuzimwa. Daftari hilo liombwe pamoja na video. Pili, kamera za wenzake ziko wapi. Ukizipanga pamoja kwa sauti moja iliyosikika kwenye zote, mlango uliobamizwa kwa mfano, unapata tukio kutoka pembe tatu. Pembe ina uzito kuliko tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa 2019 kwenye jarida la PNAS uligundua kwamba watu wakitazama tukio lilelile, wanamwona mhusika kuwa na nia ndogo zaidi wakiliona kwa kamera aliyoivaa mwenyewe kuliko kwa kamera ya kwenye gari, kwa sababu kwenye ile ya mwilini yeye haonekani sana.

Na usidhani kamera za CCTV za dukani zimesalimika. Pale mwanzo wa video huchaguliwa na mtu anayekaa kwenye mashine na kutoa kipande: kuanzia saa 4:14 hadi 4:16. Saa ya mashine yenyewe inaweza kuwa imepotea kwa dakika kadhaa, na njia ya kujua ni rahisi mno: weka simu yenye saa sahihi mbele ya skrini, piga picha vyote viwili, andika tofauti. Hilo linawezekana hata wiki kadhaa baadaye, ilimradi saa haijarekebishwa. Kilichotokea saa 4:12 hakina subira hiyo. Diski ikijaa, mashine inaandika juu ya rekodi za zamani, na wakili akichelewa kuomba, kilichobaki ni zile dakika mbili tu.